Feni ya Usiku Kucha, Hita ya Alfajiri

Tarehe 27 ya mwezi wa tatu, kaka mtu alinunua luku ya shilingi 3,000 akapata uniti saba tu. Wiki mbili nyuma, pesa hiyohiyo ilimpa uniti ishirini na nne. Aliingiza tarakimu zote ishirini za tokeni, akasubiri mita ikubali, kisha akaita kwa sauti ya kusikika mpaka uani: "Dogo, njoo uone kazi ya feni yako."

Ndugu hawa wawili wanaishi Kihonda, Morogoro, katika nyumba waliyoachiwa na baba yao, na umeme wananunua kwa kuchangiana nusu kwa nusu. Kaka mtu ni dereva wa daladala. Anaondoka saa kumi na moja alfajiri, na kwa sababu ya mgongo unaomsumbua haogi maji ya baridi hata joto la Machi liwe kali namna gani. Kila alfajiri anatumbukiza hita ya koili kwenye ndoo ya lita 20. Mdogo mtu anasoma ufundi umeme wa majumbani, na chumba chake kiko upande unaopigwa na jua la jioni. Anawasha feni ya kusimama saa nne usiku, inazunguka mpaka saa kumi na mbili asubuhi.

Hoja ya kaka mtu ilikuwa nyepesi kueleweka. Hita yake inawaka dakika ishirini, feni inazunguka saa nane. Kifaa cha saa nane kitakosaje kula kuliko cha dakika ishirini? Mdogo mtu naye alikuwa na yake: "Kaka, hita yako imeandikwa wati 1500. Feni yangu haifiki hata wati 60. Hapo unalinganisha nini na nini?"

Kila mmoja alishika nusu ya hesabu. Mkubwa alishika muda, mdogo alishika nguvu, na luku haikati kwa kimoja pekee. Inakata kwa nguvu mara muda. Wati 1000 zikitumika kwa saa moja ndiyo uniti moja. Wati 100 kwa saa kumi ni uniti moja vilevile, na wati 2000 kwa nusu saa nazo ni uniti moja. Mpaka hapo wote wawili walikubaliana. Wasichokubaliana ni namba za kuweka kwenye hesabu, maana kaka mtu hakuiamini karatasi iliyobandikwa kwenye hita, na mdogo mtu hakuamini kwamba dakika ishirini ni ishirini kweli.

Ndipo mdogo mtu akaja na kipimo ambacho kipo ukutani kwa kila mwenye luku, ila wachache wanakiangalia.

Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa. Kando yake huwa pameandikwa namba kama `1000 imp/kWh`. Maana yake ni kwamba taa ikipepesa mara 1000, uniti moja imekwisha. Mita nyingine zimeandikwa 1600, nyingine 3200, kwa hiyo ni lazima kusoma namba ya mita yako mwenyewe kabla ya kuhesabu chochote. Ya Kihonda ilikuwa 1000, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote: kila mpepeso mmoja ni sehemu moja ya elfu ya uniti. Ukitaka kujua kifaa kinavuta wati ngapi, unapima sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, kisha unagawa 3600 kwa sekunde hizo.

Kwa kuwa mdogo mtu ndiye fundi mtarajiwa, kaka mtu aliweka sharti: kila mmoja atahesabu kifaa cha mwenzake. Simu yenye saa ya kupimia sekunde ingekaa juu ya kiti, wote waione.

Walianza usiku. Walichomoa friji, wakazima taa zote na kuacha kila kitu kimetulia. Kwa kawaida, kama hakuna kinachotumia umeme, mita haina cha kuhesabu, na kwenye mita nyingine taa hubaki imewaka bila kupepesa au hubaki imezima. Lakini walipokuwa wanajiandaa kuwasha feni, taa ikapepesa. Wakangoja. Ilipita dakika tano kamili, ikapepesa tena. 3600 gawa kwa sekunde 300 ni wati 12: kuna kitu ndani ya nyumba kilikuwa kinakunywa taratibu gizani. Walikikuta sebuleni, runinga na king'amuzi vilivyozimwa kwa rimoti lakini plagi zikiwa bado kwenye soketi. Walivichomoa. Kosa hili ndilo linaloharibu vipimo vingi vya nyumbani, hasa unapopima kifaa kidogo kama feni, kwa sababu wati 12 za pembeni zingeiongezea feni karibu robo ya mzigo usio wake.

Sasa feni peke yake, kwenye spidi ya mwisho. Kaka mtu aliinama mbele ya mita, kidole tayari juu ya simu. Mpepeso wa kwanza, akabonyeza. Kimya. Sekunde thelathini, sekunde hamsini, dakika nzima. Mpepeso wa pili ulikuja kwenye sekunde ya 72. Alirudia akidhani ameruka mmoja, ikaja 72 tena. 3600 gawa kwa 72 ni wati 50. Saa nane za wati 50 ni 400, yaani sehemu nne za kumi za uniti. Usiku mzima wa feni haukufika hata nusu uniti.

Mtu akishauona mpepeso mmoja wa feni ukimchosha kuusubiri, hita inamshtua. Alfajiri yake mdogo mtu alishika zamu. Koili ilizama kwenye maji, swichi ikawashwa, na taa ikaanza kupepesa kwa kasi kiasi kwamba kupima mpepeso mmoja kusingekuwa sahihi. Alihesabu kumi kwa pamoja: sekunde 26. Kwa hiyo kila mpepeso ulichukua sekunde 2.6, na 3600 gawa kwa 2.6 ni wati 1385.

"Siyo 1500," kaka mtu akasema, akiamini kwamba kapata pa kushika.

Karatasi ya hita haikudanganya. Wati 1500 ni kwa volti 230, na hita ni waya tu unaopata moto. Volti zikishuka kidogo, nguvu yake hushuka zaidi, kwa sababu inafuata volti mara volti. Alfajiri ile, kwa hesabu ya wati 1385, umeme wa mtaa ulikuwa karibu volti 221. Hilo halimwokolei mwenye ndoo senti yoyote ya maana. Maji yanadai kiasi kilekile cha joto. Hita ikidhoofika itakaa muda mrefu zaidi mpaka deni hilo liishe.

Deni lenyewe linaweza kukokotolewa kabla hata ya kuwasha swichi. Kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya joto kunahitaji nguvu ya wati moja kwa saa na sehemu kidogo juu yake, 1.16 hivi. Ndoo ya lita 20 inayotoka nyuzi 24, kama maji ya tangi yanavyokuwa alfajiri ya Machi, ikifika nyuzi 46 imepanda nyuzi 22. Zidisha 20 kwa 22 kwa 1.16, unapata 510, yaani nusu uniti na ushee. Joto kidogo hupotelea hewani na kwenye kuta za ndoo. Alfajiri ile mita iliposomwa kabla na baada, ilikuwa imekata 0.53, na hita ilikuwa imewaka dakika 23.

Inafaa kusimama hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hushindwa kuamini. Ndoo moja ya maji ya kuoga yenye uvuguvugu tu inabeba nguvu ambayo, kama ingetumika kunyanyua, ingempandisha mtu mzima wa kilo 70 zaidi ya mita 2,500 kwenda juu. Kutoka Morogoro mjini mpaka vilele vya Uluguru hakufiki mita hizo. Mwingereza James Joule ndiye aliyelipima jambo hili katika miaka ya 1840, akiacha mizito ishuke na kuzungusha makasia ndani ya maji, kisha akipima joto lililopanda. Alichokipata ni kupanda kudogo sana kwa kazi kubwa sana. Feni haipashi kitu wala haipoozi kitu. Inasukuma hewa tu, na hewa ni nyepesi. Ubaridi unaousikia ni jasho lako linalokauka haraka. Chumba chenyewe hakipoi hata nukta, na zile wati 50 mwishowe hugeuka joto humohumo ndani. Feni inayozungukia chumba kisicho na mtu haimfanyii yeyote kazi.

Kwa hiyo usiku mmoja wa feni ulikuwa 0.40, ndoo moja ya hita ikawa 0.53. Hita imeshinda kwa kula, mdogo mtu akapiga makofi. Lakini kaka mtu hakukubali kirahisi, na alikuwa na haki.

"Hiyo ni ya usiku. Ya mchana je? Jumamosi unaiwasha saa sita mchana mpaka saa kumi na moja, tena unatoka unaenda kijiweni imewashwa."

Saa tano nyingine za wati 50 ni 0.25. Jumlisha na 0.40 ya usiku, siku hiyo feni imekula 0.65, na imeipita hita. Mpaka wake unajulikana: 1385 gawa kwa 50 ni karibu 28, maana yake dakika moja ya hita ile ni sawa na dakika 28 za feni ile. Dakika 23 za hita ni saa kumi na nusu za feni. Feni ikizunguka chini ya hapo, hita ndiyo ghali. Ikipita hapo, feni. Namba hii ni ya nyumba hiyo. Pangaboi la zamani la wati 75 lingefikia mpaka huo kwa saa saba tu, na feni ya kisasa yenye mota ya wati 30 ingehitaji zaidi ya saa kumi na saba.

Mdogo mtu alijibu kwa pigo lililoigeuza hesabu. Alimwomba kaka yake aoge kama anavyooga siku zote, bila kukaa mbele ya mita, naye angesoma namba kabla na baada. Asubuhi iliyofuata kaka mtu aliwasha hita, akaenda kupiga pasi shati kwa pasi ya mkaa, akafungua geti, akaangalia tairi za gari. Alirudi maji yakiwa na moshi mwingi, akachota nusu, akachanganya na ya baridi. Mita ilisema 0.92. Kwa wati 1385, hizo ni dakika 40.

Hakuna aliyesema uongo. Kaka mtu alikuwa anakumbuka muda anaouhitaji, siyo muda ambao hita inawaka. Hita ya koili haina kitu cha kuihisi ndoo. Haijui maji yameshafaa, inaendelea mpaka mtu azime. Zile dakika 17 za ziada zilipeleka maji karibu na nyuzi 60, joto ambalo hakuna ngozi inayolistahimili, kisha nusu ya maji hayo ikaachwa ndoo ipoe. Anayetaka kuchanganya na baridi anaweza kuchemsha lita kumi tu, hesabu ikabaki ileile ya nusu uniti. Kinachopoteza ni kupasha ndoo nzima kwa joto la kuchanganyia na kuoga nusu yake.

Kifaa hiki kina hatari yake pia, na haitoshi kuijadili kwa bei. Maji hayaguswi kwa kidole wakati swichi imewashwa. Unazima ukutani, unachomoa plagi, ndipo unatoa koili. Ndoo iwe ya plastiki, na koili izame mpaka alama yake, kwani ikiwashwa nje ya maji huungua kwa muda mfupi. Nyumba yenye watoto haipaswi kuacha ndoo ya namna hii sakafuni bila mtu.

Turudi kwenye zile uniti saba za shilingi 3,000, maana feni na hita havikueleza kwa nini pesa ilikuwa imeshuka thamani ndani ya wiki mbili. Nyumba ile iko kwenye kundi la D1, la wateja wadogo wa majumbani. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 za mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, ni shilingi 122 kwa uniti za mwanzo na 427 kwa zinazozidi. Gawa 3,000 kwa 122, unapata ishirini na nne na ushee. Gawa kwa 427, unapata saba. Mita haikuibiwa, ndugu hawa walikuwa wamevuka 75. Na ndiyo maana kupima kifaa kwa kusema "luku ya elfu tano ilikaa siku ngapi" hakutoi jibu: bei inabadilika katikati ya mwezi, na ununuzi mmojawapo hukatwa pia kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 inapita kwenye luku.

Kwa mwezi wa siku 30, feni ya usiku ni uniti 12. Hita ya dakika 40 ni karibu 28, ya dakika 23 ni 16. Friji, taa na runinga vilikuwa vinachukua kama 45. Kwa hita ya dakika 40, jumla ni 85: uniti 75 kwa shilingi 9,150 na kumi za juu kwa 4,270, zote pamoja 13,420. Kwa hita ya dakika 23, jumla ni 73, na bili yote ni shilingi 8,906. Uniti 12 zimepungua na shilingi 4,514 zimebaki mfukoni. Feni nzima ya mwezi, ikihesabiwa ndani ya kikomo, ilikuwa shilingi 1,464.

Mtu anaweza kuuliza ni nani hasa aliyeivusha nyumba juu ya 75, na kaka mtu aliuliza. Uniti hazina majina. Feni ingeondolewa yote, nyumba ingebaki na 73 vilevile, lakini mtu mmoja angelala kwa jasho mwezi mzima. Dakika 17 za kuchemsha zikiondolewa, hakuna aliyekosa kitu. Kwa maoni ya mwandishi, hiyo ndiyo tofauti inayotakiwa kuamua nani apunguze, na kaka mtu aliona hivyohivyo: siku hizi anaweka kengele ya simu ya dakika 23. Mdogo mtu naye alikubali kuzima feni akitoka chumbani. Wanaozidisha 75 mara kwa mara wanaweza kuhamishiwa kundi la T1, ambako uniti zote, kuanzia ya kwanza, ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, sawa na 356 zikijumlishwa. Huko ndoo ya dakika 40 ni shilingi 328 kila alfajiri.

Kipimo cha taa kina mipaka yake. Nyumba nyingi sasa mita yao iko juu ya nguzo na ndani kuna kibodi tu cha kuingizia tokeni. Hapo taa haionekani, inabidi kusoma uniti zilizobaki kabla na baada, na kwa kifaa kidogo kusubiri saa kadhaa ili namba isogee vya kutosha. Vifaa vinavyowaka na kujizima vyenyewe navyo havipimwi kwa mpepeso mmoja. Friji ikiwa imelala, taa itasema inakula karibu na bure. Kompresa ikiamka, itasema wati mia na zaidi. Hata pasi ya umeme iko hivyo.

Friji yao waliipima kwa njia ya pili. Jumapili saa moja jioni waliandika namba ya mita, wakaiacha friji peke yake imechomekwa walipokwenda kulala kwa shangazi yao, wakasoma tena Jumatatu saa moja jioni. Ilikuwa imekula 1.04, kuliko feni ya usiku na ndoo ya kaka mtu ya dakika 40 kila moja kwa nafasi yake. Mdogo mtu alibana karatasi kwenye mlango wa friji na kuivuta. Upande wa juu ilishikwa. Upande wa chini, karibu na bawaba, ilitoka bila kizuizi chochote. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa, na hewa ya joto ilikuwa inaingia mchana na usiku.